Inchi Tisini

Mwaka ule bendera ilipobadilishwa, mimi nilikuwa nimerudi Kwale kutoka kozi ya upimaji ardhi, na nilikuwa sisemeki. Kalamu mbili mfukoni, na neno "kwa kweli" kila sentensi ya tatu. Nikiyakumbuka maringo yale hadi leo masikio huniwaka moto.

Tulikuwa tukipima upya mstari kati ya bikoni mbili, zile nguzo za mipaka, upande wa Msambweni, ili mashamba yagawanywe. Chombo chetu kilikuwa mnyororo wa chuma wa futi mia. Mtu mmoja hushika nyuma, mwingine huuvuta mbele na kuchomeka mshale wa chuma pale unapokomea, kisha huendelea. Aliyekuwa akichomeka mishale ni mzee Mdigo aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi sijaota meno. Mstari ulikuwa wa minyororo mia moja. Tulipojumlisha, tukapata pungufu ya inchi tisini kuliko ramani ya zamani.

Mkubwa wetu, aliyekikalia kiti cha Mzungu tangu juzi tu, hakujali. "Mshale waweza kukosea inchi moja," akasema. "Mishale mia, inchi mia. Tisini haijafika mia. Tia sahihi twende tukale."

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nani anyamaze, na ile kozi yote nimeisomea nini? Nikamwambia kwamba makosa ya namna hiyo hayajumlishwi hivyo. Mshale mmoja huchomekwa mbele kidogo, mwingine nyuma kidogo, na mengi ya makosa hayo hufutana njiani. Ili yote mia yaelemee upande mmoja ungehitajika muujiza. Kwa hiyo kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, majibu yakajumlishwa, kisha hutafutwa namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa jumla hiyo. Minyororo miwili, kosa si inchi mbili bali moja na karibu nusu. Minne, inchi mbili. Mia, inchi kumi tu.

"Kwa kweli," nikamalizia, "tisini si bahati mbaya. Kuna kosa la mtu."

"La nani?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, la mchomeka mishale.

Mzee akaitwa. Alisikiliza hesabu yangu yote kofia mkononi, akakubali kwa kichwa pale niliposema makosa hufutana. Kisha akasema, "Bwana, mkono wangu hukosea huku na huku, wajua mwenyewe. Hili limekwenda upande mmoja tu. Huo si mkono."

Nilicheka. Naona haya kusema, lakini nilicheka. Jioni hiyo alilipwa siku zake akaambiwa asirudi.

Wiki iliyofuata tukaja na mtu mpya, kijana mwenye macho makali, tukarudia mstari uleule. Pungufu ya inchi tisini.

Kwenye baraza ya ofisi kulikuwa na alama mbili zilizochongwa sakafuni, umbali wa futi mia kamili. Kila Jumatatu mnyororo ulipaswa kutandazwa hapo ulinganishwe, kwa sababu vipete vyake hufunguka kwa kuvutwa na mnyororo hurefuka. Mnyororo ukirefuka, unahesabu pungufu. Kazi ya kulinganisha ilikuwa yangu. Na mimi, kwa kuwa jua la asubuhi huipiga ile baraza vibaya, nilikuwa nikiandika "sawa" kitabuni bila hata kuufungua mnyororo. Siku ile niliutandaza. Ulizidi kwa inchi moja kasoro kidogo, na ulizidi vivyo hivyo kila ulipolazwa kwenye ule mstari, mara mia, bila kurudi nyuma hata mara moja.

Nilikiri kwa mkubwa. Akanipa barua ya onyo, akaniambia nafasi ya mzee imekwisha kujazwa, na kuniomba nisimsumbue tena na hesabu.

Nikaenda kwa mzee. Nilimkuta uani anasuka makuti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kitako."

Nikamweleza yote, hata jua la baraza. Alimaliza kwanza kuti alilokuwa nalo, ndipo akauliza.

"Umeandika 'sawa' Jumatatu ngapi?"

"Nne."

"Basi kwa ile hesabu yako, makosa yako ni mawili tu."

Nilitamani sana iwe hivyo. "La, mzee," nikasema. "Yote yalikuwa upande mmoja. Ni manne."

"Naam," akasema, akavuta kuti jingine. "Sasa umejua kujumlisha."

Mimi nilibaki kazini mpaka nikastaafu. Yeye hakuitwa tena.