Slaidi Sita za Mtaalamu

Shangazi alizisoma slaidi zote sita za kupanga mshahara akiwa amesimama katikati ya mashuka ya hospitali, miwani imemteremka puani. Kila alipotelezesha kidole kwenye simu, aliguna. Aliyezitengeneza ni karani wa chumba cha kufulia, wenyewe wanamwita Mtaalamu, kwa ajili ya kundi la wafanyakazi wanaotuma pesa nyumbani kutoka ughaibuni. Zilikuwa na rangi, zilikuwa na picha za sarafu zinazocheka. Akili tu ndiyo iliyokosekana.

"Ya nne imenifaa," alisema mtoto wa marehemu kaka yake, mwezi wake wa kwanza kazini. "Mshahara elfu mbili. Pango mia saba, chakula mia tatu, nauli mia na ishirini, akiba mia mbili, matumizi yangu mia mbili na themanini, nyumbani mia nne. Leo nampigia bibi nimwahidi."

"Ahidi, baba. Kwa mshahara wa nani? Hebu lete karatasi yako."

Karatasi ya mshahara ilisema elfu mbili juu. Chini, baada ya kodi na bima, elfu moja mia tano na themanini.

Mtaalamu aliingia na kikombe cha chai. "Mama, ule ni mfano tu."

"Mfano wa kumlaza mtu njaa! Umegawa mia nne na ishirini ambazo hazijawahi kufika mfukoni. Na ada ya kutuma je? Au kwenu pesa inatembea kwa miguu?"

Mtaalamu alikunywa chai kwa kelele.

Shangazi alipindua karatasi, akaandika kwa kalamu ya kuwekea alama mashuka. Pango mia saba. Chakula mia mbili na sitini. Nauli mia na ishirini. Simu na mengineyo themanini. Akiba mia na hamsini. "Jumla elfu moja mia tatu na kumi. Zimebaki mia mbili na sabini. Tuma mia mbili na hamsini, ada nane, kumi na mbili zikae."

"Bibi atakasirika."

"Mpigie."

Sauti ya bibi ilijaa chumbani. "Mia mbili na hamsini? Baba yako alikuwa akituma mia nne!"

Kijana akainamisha kichwa. Shangazi akaichukua simu.

"Shikamoo, mama. Ni kweli, alituma mia nne. Hakubakisha hata ya dawa ya presha. Tukamchangia sanduku la kumrudishia kwako."

Shangazi alimwomba Mungu ampe mama yake moyo, na yeye mwenyewe ampunguzie ulimi.

"Haya," bibi alisema mwishowe, taratibu. "Mia mbili na hamsini. Na mwambie mtoto ale."

Shangazi alimgeukia Mtaalamu. "Wewe, futa ile ya nne kabla sijamaliza kukunja hili shuka."

Akaifuta.