Shairi la Nedyalka lililobadilishwa neno moja

Ni saa tatu asubuhi, na viatu vya matope vimepangwa mlangoni. Nedyalka Valcheva amepiga magoti zuliani, ameinua kadi ya karatasi ngumu. Watoto wa miaka mitano wamemzunguka, viganja tayari.

“Kona hupigwa kofi,” anawakumbusha. “Mviringo husuguliwa.”

Wanaanza, nusu kwa kuimba, nusu kwa kelele:

*Duara jekundu halina kona,*
*rangi ya nyanya, sote twaigusa.*
*Pembetatu kijani, pa, pa, pa,*
*rangi ya tango, sote twaigusa.*
*Mraba njano, pa, pa, pa, pa,*
*rangi ya mahindi, sote twaigusa.*

Kwenye duara viganja vinasuguana kimya. Kwenye pembetatu yanalia makofi matatu, kwenye mraba manne. Mtoto hahitaji kuhesabu. Mikono yake inahesabu kabla yake.

Nedyalka, mwenye miaka hamsini na miwili, amefundisha chekechea katika mji huu wa kando ya mto Danubi tangu akiwa msichana. Shairi alilitunga mwenyewe. Lakini mwaka jana lilikuwa na neno jingine. Kila kiitikio kilimalizika kwa *sote twaiona*.

Neno hilo ndilo lililomkwaza Yavor.

Yavor alikuwa mtoto mchangamfu, ila kadi za rangi zilimgeuza bubu. Akiambiwa alete ya kijani, alileta nyekundu, na wenzake wakacheka. Mwisho akawa anajificha kwenye chumba cha makoti kila shairi lilipoanza. Mkuu wa shule, kwa nia njema, akamwambia mama yake, Snezhina, kwamba huenda ikafaa arudie mwaka, kwa sababu hata rangi zilimshinda.

Snezhina alirudi kazini kiwandani macho yakiwa mekundu. Nedyalka akamfuata hadi geti la kiwanda na kumwomba asitie sahihi chochote kwanza.

“Kilichonisumbua ni mdundo,” anasimulia. “Siku alizokubali kukaa nasi, kwenye makofi alikuwa wa kwanza. Kwenye rangi alichelewa kidogo, kila mara. Mtoto asiyejua hachelewi hivyo. Yule alikuwa anamtazama jirani.”

Akakata maduara mawili, jekundu na la kijani iliyofifia, akayaweka mbele ya Yavor wakiwa wawili tu. Mtoto akayatazama sana. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, mbona umenipa mawili sawasawa?”

Akaweka la njano na la bluu. Yavor akayataja bila kusita.

Daktari wa macho alithibitisha: nyekundu na kijani zinamchanganya, amezaliwa hivyo, na hakuna dawa. Akaeleza kuwa hali hiyo mara nyingi humfikia mvulana kupitia kwa mama. Snezhina akamkumbuka baba yake, mzee Krum, ambaye familia nzima humtania kwa kuchuma nyanya mbichi.

Mzee aliposikia alisema, “Miaka yote mmeniita mvivu wa kutazama. Haya, mjukuu wangu asiitwe.”

Nedyalka hakutaka kumwondoa Yavor kwenye shairi, wala kuziondoa rangi. Kadi nyekundu akazibandika msasa, za kijani akazivika sufu, za njano akaziacha laini. Kisha akafuta *twaiona*, akaandika *twaigusa*. Silabi nne kwa nne; mdundo haukuyumba.

Mwenzake, mwalimu Rumyana, akalalamika kwamba *twaigusa* haifuati kina cha *kona*.

“Kina kitangoja,” Nedyalka akamjibu. “Mtoto hangoji.”

Kila mtoto sasa hupapasa kadi kabla ya kutaja rangi. Yavor alitoka kwenye makoti siku hiyohiyo, akapitisha kidole kwenye msasa na kusema, “Nyekundu,” kabla ya mtu yeyote. Hakuna aliyecheka, wote walikuwa wanagombea kugusa.

“Hatumfundishi kuona nyekundu,” Nedyalka anasema. “Hilo hatuliwezi. Tunamfundisha kutafuta alama nyingine, na kuuliza bila aibu. Ndivyo atakavyovuka barabara: atajua taa ya juu ni ya kusimama.”

Mkuu wa shule aliposoma cheti cha daktari alimwita Snezhina mwenyewe, akamwomba radhi. Yavor amepanda darasa pamoja na rika lake. Penseli zake zimefungwa nyuzi, kila rangi na mafundo yake, na ndiye anayewaongoza wadogo kwa makofi siku za Ijumaa.

Nedyalka anataka shairi lipite katika madarasa yote ya chekechea mjini kabla hajastaafu. Mwaka huu anaongeza pembesita, ya bluu, rangi ya mto. Rumyana amemwonya kwamba makofi sita hayaenei kwenye mstari.

Nedyalka anachukua mkasi na kuanza kukata.

“Basi tutapiga upesi,” anasema.