Penalti ya Joakimu

Hilda alianza kusoma habari za michezo katika redio moja ndogo ya Katesh kwa sababu aliyekuwa akizisoma aliolewa Singida, na siku hiyo hapakuwa na mwingine mwenye sauti inayosikika vizuri. Alikuwa ameajiriwa kupokea matangazo ya vifo na mikutano. Alikulia Dongobesh, katika nyumba ambayo baba yake alitegesha redio dirishani na kuwanyamazisha wote mpira ukianza. Kwa hiyo hakuwa mgeni wa mpira, ila hakuwahi kufikiri kwamba siku moja watu wangemnyamazia yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupunguza. Waandishi waliokuwa viwanjani walituma ripoti ndefu kwa simu, naye alitakiwa kuzifanya ziingie ndani ya dakika moja: matokeo kwanza, kisha mambo yaliyogeuza mchezo, kisha wafungaji. Mwandishi aliyempenda kuliko wote ni Mwalimu Evarist. Alipoandika, ulisikia vumbi la uwanja. Tabu yake ni kwamba aliandika kama mtu anayesimulia akiwa bado anahema. Alianza na kilichomsisimua, ndipo akarudi nyuma kuokota mengine.

Jumapili moja timu ya Jorodom ilicheza na ile ya Masieda hapo Katesh, na jioni ripoti ya Mwalimu ikaingia ikiwa imechelewa. Hilda aliisoma amesimama, fundi mitambo akimwonyesha saa. Ilianza na kipa wa Jorodom, kijana aitwaye Joakimu, jinsi alivyoruka upande wa kulia na kuipangua penalti. Ikaendelea kueleza kwamba ni kipa huyohuyo ambaye kabla ya mapumziko mpira mwepesi ulimponyoka mikononi ukaingia wavuni. Halafu zikaja sifa za Lukasi, mshambuliaji, na bao lake la mwisho.

Hilda alikata hapa na pale, akaingia studio, akasoma:

"Jorodom wameifunga Masieda mabao matatu kwa mawili. Kipa Joakimu aliokoa penalti, lakini mpira mwepesi ukamponyoka na kuwapa Masieda bao la pili. Lukasi ndiye aliyeinusuru Jorodom kwa bao la dakika ya themanini na nane."

Akazima kipaza sauti, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi yake alikuja dada mmoja mlangoni pa ofisi ya redio, kapu la nyanya mkononi, akiwa njiani kwenda sokoni. Alijitambulisha kuwa ni Efrazia, dada yake Joakimu. Hakuja kwa ugomvi. Alikataa kiti, kisha akakaa.

Alieleza kwamba baba yao, Mzee Yohanes, huwa haendi popote. Tope la mlima lilipoteremka Jorodom mwaka ule wa mvua kubwa, lilimchukua mke wake na kumwachia mguu usiokunjika. Tangu hapo mzee amekuwa mtu wa kukaa mlangoni na redio. Mwanawe akicheza, yeye husubiri taarifa ya jioni. Jana alipoisikia, aliwaambia wasimguse Joakimu akirudi. Alimwekea maziwa ya mgando, na kijana alipoingia akitabasamu, mzee akamshika bega na kumwambia asijali, kila mtu huteleza, na ashukuru Mungu kwamba Lukasi alikuwepo.

"Joakimu aliyanywa yale maziwa, akaenda kulala," Efrazia alisema. "Mimi nilikuwa uwanjani, dada. Alikosea kwanza, ndipo akaokoa. Ninyi mmesema aliokoa, ndipo akakosea."

Hilda alifungua simu akaitafuta ripoti. Maneno yalikuwepo, matatu tu: *kabla ya mapumziko*. Ndiyo aliyoyakata ili sentensi iwe fupi. Hakuna jina alilokosea, wala idadi ya mabao, na bado alikuwa ameuharibu mchezo mzima.

Alimpigia Mwalimu Evarist palepale. Akamwamkia, kisha akamwomba amsimulie mechi upya tangu filimbi ya kwanza, bila kuruka. Mwalimu alishangaa, lakini alisimulia, naye Hilda akaandika dakika pembeni ya kila tukio. Margwe wa Masieda alifunga dakika ya kumi na mbili. Dakika ya thelathini na moja Severini akapiga shuti jepesi, likamponyoka Joakimu, ikawa mbili bila. Kipindi cha pili kilikuwa hakijashika kasi Masieda walipopata penalti, dakika ya hamsini na mbili.

"Ingeingia hiyo, ingekuwa tatu bila," Mwalimu alisema. "Nani angezirudisha? Vijana walishainamisha vichwa. Alipoipangua, ndipo wakaanza kukimbia."

Dakika sita baadaye Lukasi akafunga la kwanza. Dakika ya sabini beki wa Masieda alipata kadi ya pili ya njano, akatolewa kwa nyekundu. Abdillah akasawazisha dakika ya sabini na saba, na Lukasi akamaliza.

Hilda aliitazama karatasi yake. Kwa mpangilio ule, bao la Lukasi lilikuwa tunda tu. Mti ulipandwa golini. Akaenda kwa mhariri wake, mzee Hasani, akamweleza alilofanya na kuomba nafasi ya kusahihisha. Mzee Hasani aliuliza kama matokeo yalikuwa na kosa. Hilda akasema hapana, ila kisa chake kilikuwa kimegeuzwa. Mzee akamwambia aandike.

Jioni ile alisoma polepole kuliko kawaida yake:

"Jana tulikosea mpangilio wa matukio, tunaomba radhi. Jorodom waliifunga Masieda tatu kwa mbili baada ya kutanguliwa mbili bila. Bao la pili la Masieda lilitokana na mpira uliomponyoka kipa Joakimu kabla ya mapumziko. Dakika ya hamsini na mbili kipa huyo aliokoa penalti, na hapo ndipo mchezo ulipogeuka. Masieda walibaki kumi dakika ya sabini baada ya kadi nyekundu. Wafungaji: kwa Masieda, Margwe na Severini, kwa Jorodom, Lukasi, Abdillah, kisha Lukasi tena."

Yaliyotokea nyumbani kwa Mzee Yohanes, Hilda alisimuliwa baadaye na Efrazia. Joakimu alikuwa zizini, akikamua. Mzee alimwita kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu, akamkalisha karibu naye, akataka kujua jambo moja.

"Ulipokwisha kukosea, na watu wote wanakutazama, ulisimamaje tena golini?"

Joakimu alichezea kamba ya ndama mkononi. "Nilimkumbuka mama," alisema. "Alivyokuwa akisema nikidondosha kitu. Okota, endelea."

Jina la mama lilikuwa halitajwi katika nyumba ile tangu msiba, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Mzee Yohanes akaanza kucheka kidogo, machozi yakimtoka, akasema kweli, ndivyo alivyokuwa akisema, na hata yeye aliambiwa hivyo siku alipodondosha debe zima la mahindi mtoni. Efrazia hakuwa amewahi kukisikia kisa hicho. Wakakaa wote watatu wakikumbushana mengine, hata uji ukapoa.

Mechi iliyofuata Hilda aliomba kwenda uwanjani mwenyewe. Alimkuta Mwalimu Evarist, akamwamkia, na Mwalimu akamwonyesha kwa kidevu nyuma ya goli la Jorodom. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya kigoda, mguu mmoja ameunyoosha mbele, fimbo mapajani. Hilda alikwenda akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti." Mzee aliigeuzia sauti ile sikio, akaitambua, akasogeza fimbo kumpisha. "Kaa hapa. Hapa utaona yote yanavyokuja."