Mstari wa Watoto Alioukwepa Robi

Mimi Judith ni mtu wa mahema. Shuka, mito, vyandarua na maji ya moto ya asubuhi, hayo ndiyo yangu hapa kambi ya watalii Robanda, na sipendi mtu aniingilie. Mambo ya bei ni ya Robi wa mapokezi. Ila siku ile bei zilinifuata mpaka kwenye vitanda vyangu, kwa hiyo na mimi nitasema.

Robi ni binti wa Gorong'a kule Tarime, Mkurya hasa, mchapakazi na mkaidi kidogo. Ana mtoto anayelelewa na bibi yake huko nyumbani, na kila anachopata hapa kinakwenda huko. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Meneja wetu Konstantino alimwambia bila kuzunguka: "Itafsiri hii karatasi ya bei kwa Kiswahili, tupate wageni wa hapa hapa nchini. Ikileta watu bila matatizo, mkataba ni wako. Ikileta matatizo, usinilaumu."

Basi alinisumbua huyo! Nakunja shuka, yeye kanisimamia na karatasi yake. "Dada Judith, ukisikia hivi unaelewa?" Misimu aliiweka vizuri: masika bei ya chini, kuanzia Juni bei ya juu, na ukilala siku zinazovuka msimu, kila usiku unahesabiwa kwa bei yake. Akaandika kwamba bei ni ya mtu mmoja, wawili wakilala hema moja. Si bei ya hema zima. Hapo nilimpongeza, maana wengi wangeona ile namba wakashangilia bure. Halafu akanisomea kwamba anayelala peke yake anaongeza nusu ya bei yake.

"Huo ni wizi mtupu," nikamwambia.

Akacheka. "Si wizi, dada. Hema lina vitanda viwili. Akilala mmoja, kitanda cha pili hakiuziki tena."

Sehemu ya watoto hakunisomea. Wala mimi sikuuliza, nilikuwa na mito ya kuanika.

Karatasi ikarushwa kwenye simu za watu, Mugumu, Morotonga, Tarime. Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Nchagwa, mfugaji mwenye uwezo wake, na mkewe Eunice, na kijana wao Elia wa miaka kumi na moja, na babu mzaa baba. Walifika tarehe thelathini na moja Mei, wa kulala siku mbili, usiku wa kwanza kwa bei ya masika na wa pili kwa bei ya juu. Babu alikuwa na hema lake peke yake na nyongeza yake ameshalipa. Hema la wazazi nililiwekea kitanda cha tatu, maana ndivyo karatasi ya meneja ilivyoniagiza.

Mzee Nchagwa akaingia, akasimama.

"Mama, hiki kitanda cha nani?"

"Cha mtoto, baba."

"Mtoto yupi?"

Elia alikuwa nyuma yake, akainamisha uso. Kumbe alikuwa ametahiriwa Desemba. Mimi mtu wa Sengerema nilijua kwamba Wakurya wanalichukulia hilo kwa uzito, lakini sikujua ni uzito gani. Kijana akishatoka jandoni ni mwanaume. Halali tena nyumba wanayolala baba na mama yake. Ni mwiko, na hausemwi hata kwa utani. Eunice alitoka nje, akaenda kusimama mbali na sisi. Nikaona aibu hata mimi niliyetandika tu.

Tukajikuta wote mapokezi. Mzee Nchagwa kashika simu, anasoma kwa sauti: "Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na moja analipa nusu bei. Nimelipa nusu. Nipeni hema lake."

Konstantino akafungua karatasi ya Kiingereza. Akasoma, akarudia kusoma. "Mzee wangu, nusu bei ni kwa mtoto anayelala hema la wazazi wake. Akitaka hema lake, analipa kama mtu mzima, pamoja na nyongeza ya anayelala peke yake." Kisha akamgeukia Robi. "Haya maneno ya hema la wazazi kwenye Kiswahili yako wapi?"

Robi akanitazama mimi.

"Ulisahau?"

Nilimkonyeza. Sema umesahau, mjinga wewe, nani hasahau! Lakini ukaidi wake ule ule.

"Sikusahau. Niliyaacha. Niliona aibu kuwaandikia wazee wa kwetu kwamba vijana wao walale na mama zao. Kwetu hayo hayaandikwi."

"Sikukuajiri uone aibu!" Konstantino akapiga meza. "Nilikwambia utafsiri. Umeuza hema ambalo halipo kwenye bei!"

"Basi tunarudi nyumbani," akasema Mzee Nchagwa. "Pesa yangu mezani, sasa hivi."

Yesu na Maria. Nilimwangalia Robi, nikajua mkataba umeota mbawa.

Ndipo babu akaja na fimbo yake, anauliza kelele za nini. Wakamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi nimelipia kitanda ambacho hakina mtu, na mjukuu wangu hana pa kulala? Mura, kijana wangu, lete begi!"

Kwao babu na mjukuu ni wa rika moja kwa utani, hakuna mwiko kati yao. Konstantino akahesabu. Nyongeza ya babu ikaondoka, lakini mtoto akilala na mtu mzima mmoja anahesabiwa mtu mzima, kwa hiyo nusu ya Elia ikawa nzima. Kilichotoka huku kikaingia huku. Hakuna aliyeongeza wala aliyerudishiwa. Mzee Nchagwa akashusha pumzi, akamfuata mkewe.

Babu hakuondoka. Akamtazama Robi.

"Ulijua ni mwiko?"

"Nilijua, babu."

"Mwiko ni wetu. Ungeandika, mwanangu angesoma kule nyumbani, angekataa mwenyewe, tukapanga. Wewe umekataa badala yetu, tukaja kuvuliwa nguo mbele za watu. Andika, binti. Kukataa tutajua sisi."

Robi akalia. Konstantino hakumwonea huruma hata kidogo, na pamoja na hasira zangu kwake siku ile, nilimwelewa.

"Waliopata ile karatasi ni wengi," akasema. "Wapigie wote, hapa hapa, mbele yangu. Useme mstari mzima. Ukiwamaliza, tutazungumza mkataba. Ukishindwa, kesho usije."

Wa kwanza alikuwa Mzee Nashoni wa Gorong'a, aliyekuwa rika la marehemu baba yake. Mtu wa kumwita tata, yaani baba. Robi alishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, tata. Ni Robi wa kambini. Ile bei ya watoto niliiandika nusu nusu. Mtoto analipa nusu akilala... akilala hema moja na wewe na mama."

Simu ilikuwa kwenye spika, sote tukamsikia mzee.

"Hayo unaniambia mimi, Robi?"

"Ndiyo, tata. Ndivyo bei ilivyo."

"Eeh. Basi yule kijana wetu nitamwacha kwa mjomba wake. Ahsante, mwanangu. Ningekuja kukutukana huko bure."

Robi akajifuta uso kwa kiganja. Konstantino alikuwa anafungua mdomo, lakini yeye alikuwa ameshabonyeza namba inayofuata.