Mkunga Aliyeazimwa

Mimi sisomi mikataba kwa raha. Naisoma nimenuna, kalamu mkononi, nikitafuta mahali mtu amejaribu kunipiga chenga. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika shirika lenye zahanati kadhaa Makueni, na ofisi yetu iko kando ya barabara ya Mombasa, ambapo lori likipita chai inamwagikia kwenye sahani na hakuna anayeshtuka.

Mwaka ule bodi ilikuwa inapanga shirika upya. Mkurugenzi wetu akaniletea faili za wafanyakazi wetu tuliowaazima mashirika mengine, akataka jedwali la ukurasa mmoja. Kila mtu na mstari wake, na kwa kila mmoja mambo matatu tu: mshahara wake analipa nani, ameazimwa kwa muda gani, na akimaliza anarudi kwa masharti gani. Asiye na njia ya kurudi angefutwa kwenye orodha yetu bodi ikikutana Ijumaa.

"Hiyo ni kazi ya asubuhi moja," aliniambia. "Hizo mikataba zote zilinakiliwa kutoka kwa moja."

Nyingi kweli zilikuwa zimenakiliwa, hata makosa ya chapa yalifanana. Nilikuwa naenda mbio mpaka nikafika kwa faili ya mkunga wetu wa Kilungu. Juu ya jalada mkurugenzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Muda umeisha. Analipwa na hospitali. Si wetu tena.

Huyu mkunga nilimjua. Tulimwazima hospitali moja ya kanisa kusini kabisa mwa Kitui, ukipita Mutomo na kuingia barabara ya vumbi, mahali ambapo mbuzi ni wengi kuliko vivuli. Alimwacha mama yake kule milimani Kilungu, mama mwenye nguvu zake. Sasa macho ya mama yalikuwa yamezima yote mawili, na hakuwa na mtoto mwingine. Jumapili iliyotangulia mkunga alinipigia simu, mimi niko bado uwanjani kwa kanisa, Biblia kwapani.

"Madam, mkurugenzi amenipigia. Ameniambia kazi yangu ya Kilungu haiko tena. Ni kweli sina pa kurudi?"

"Nani amesema? Ngoja nisome kwanza."

"Mwaitu alijimwagia uji wa moto juzi," akasema, akimtaja mama yake kwa Kikamba. "Jirani ndiye alimsikia."

Nikiwa na hiyo sauti masikioni, niliisoma faili yake polepole. Nikaanza na mshahara. Mkataba wenyewe, kati ya shirika letu na hospitali, ulisema sisi ndio tutamlipa na wao watampa nyumba. Lakini karatasi zake za mshahara zilikuwa na mhuri wa hospitali. Kitu hakikukaa sawa. Nilipekua faili yote nikikasirika na waliotangulia kuipanga, maana nyongeza ya mkataba niliipata imebanwa pamoja na fomu za likizo! Nyongeza ilisema kuanzia mwaka wa pili hospitali itamlipa moja kwa moja, na itatuma mchango wake wa pensheni kwetu. Halafu ilikuwa na sentensi moja zaidi: mabadiliko haya ni ya malipo peke yake, na mfanyakazi atabaki mwajiriwa wa shirika lililomtoa.

Hapo nikaelewa tulivyokosea. Ofisini kwetu tuna mazoea hayo, nisiseme uongo. Tukitaka kujua mtu ni wa nani, tunaangalia mshahara unatoka wapi na tunafunga faili. Kumbe hayo ni maswali mawili tofauti, na mkataba ulikuwa umeyajibu yote mawili.

Nikaenda kwa muda. Mkurugenzi alikuwa amehesabu miaka mitatu kutoka tarehe ya sahihi kwenye ukurasa wa mwisho, na kwa hesabu hiyo muda uliisha zamani. Lakini kifungu chenyewe kilisema miaka mitatu tangu siku mfanyakazi atakaporipoti hospitalini. Na huyu hakuripoti mara moja. Nilikumbuka vizuri, alikaa Kilungu miezi mingi baada ya sahihi kwa sababu hatukuwa tumepata mkunga wa kushika nafasi yake. Akina mama wangeachiwa nani?

Kisha nikafika kwenye kurudi. Nilikisoma kifungu hicho nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Kilisema muda ukiisha, mfanyakazi atarudishwa kwenye kazi yake ya awali, au nyingine ya cheo kisichopungua na karibu na kituo chake cha kwanza, hata kama shirika litakuwa limebadilisha mpangilio wake. Alichotakiwa ni kuripoti ndani ya mwezi mmoja baada ya muda kuisha. Asiporipoti, atahesabiwa kuwa ameacha kazi mwenyewe.

Woi! Hata kama shirika litakuwa limebadilisha mpangilio wake. Nani alikaa chini akafikiria hilo? Siku hiyo hakuna aliyejua bodi itapanga lolote. Hakuna aliyejua kuhusu macho ya mama. Sahihi zilikuwa mbili, yetu na ya hospitali, na walioziweka wote wawili walikuwa wamestaafu. Mikutano ya hawa watu wa mikataba naifahamu, ni soda na njugu na kila mtu anataka kwenda nyumbani. Lakini katikati ya soda na njugu mtu mmoja alimkumbuka mwanamke ambaye hakuwa chumbani, akamwachia mlango. Nywele zilinisimama, haki ya Mungu. Miaka yangu yote ya kusoma vifungu sikuwahi kuhisi kitu kama hicho.

Nikaingia kwa mkurugenzi bila kubisha. Si mtu mbaya, ni mtu wa haraka tu. Alisoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Sawa, ulivyosoma ndivyo ilivyo," akasema. "Lakini aliripoti lini? Faili yetu haina. Bila karatasi ya siku hiyo, siwezi kusimama mbele ya bodi na kumbukumbu zako."

Kusema kweli hapo alikuwa na haki. Niliomba gari, na kesho yake asubuhi tukashika njia ya Kibwezi, tukavuka mto Athi, tukapita Ikutha na Mutomo, mpaka ile barabara ya vumbi ya hospitali.

Nilimkuta mkunga akizalisha. Nikaketi kwenye benchi nje ya wadi ya akina mama, jua limekaa utosini, na kupitia dirishani nikawa namsikia. Hakupaza sauti hata mara moja. Alikuwa akizungumza na yule mama kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayemwongoza mgeni kwenye njia ya mawe. Mama alilia, akatukana, akamwita Ngai, Mungu wake. Halafu pakawa na kimya kirefu mno, na nikasikia viganja vya mkunga vikisugua kitu, vikisugua, naye akisema polepole, "Kuja, kuja, kuja." Na mtoto akaja. Alilia kwa hasira nzuri. Nami mtu mzima, na begi langu la mikataba mapajani, nikajikuta nalia pia. Kuna kazi zingine duniani, jamani, ukizisikia unatamani kuvua viatu.

Muuguzi mkuu wa hospitali alinipeleka ofisini kwake. Nilimweleza nimefuata nini.

"Unanichukulia mkono wangu wa kulia," akasema. "Unajua hapa wakunga ni wangapi?"

"Najua, dada. Sikuja kumchukua. Nimekuja kuuliza aliripoti lini."

Angeweza kuniambia karatasi imepotea. Nani angebisha? Hakuna aliyekuwa na nakala nyingine, na yeye ndiye aliyekuwa anapoteza. Nilimtazama akifungua kabati, akitoa faili, akilowesha kidole na kufunua. Akaiweka mbele yangu fomu ya kuripoti, yenye tarehe, mhuri na sahihi mbili. Miaka mitatu ilikuwa imetimia mwezi huo huo. Ule mwezi wa kuripoti ulikuwa bado haujaisha.

"Mama yake haoni," muuguzi mkuu akasema, akinipigia nakala. "Mimi pia nina mama."

Mkunga alipotoka kunawa nilimpa mkataba mkononi. Akaliangalia jalada, akaniangalia mimi.

"Huu ndio?"

"Hujawahi kuuona?"

"Nani angenionyesha? Mimi nilipewa barua ya kwenda."

Na ni kweli, hivyo ndivyo inavyokuwa. Mashirika mawili yanaweka sahihi, na anayeazimwa anabeba sanduku. Aliusoma akiwa amesimama pale barazani, midomo ikicheza. Alipofika kwenye kifungu cha kurudi alikisoma kwa sauti, kisha akakirudia. Akaweka kiganja juu ya karatasi, kile kiganja chenye harufu ya dawa.

"Walikuwa wamenifikiria," akasema. "Miaka yote hii nalala nikijua nimesahaulika, na walikuwa wamenifikiria."

Ijumaa mstari wake kwenye jedwali ulisomeka hivi: analipwa na hospitali, ni mwajiriwa wetu, miaka mitatu tangu siku ya kuripoti, anarudi Kilungu. Mkurugenzi aliusoma mwenyewe mbele ya bodi, na lile neno lake jekundu alilikata na kuweka sahihi pembeni. Mkunga aliomba siku chache za kumwelekeza mwenzake aliyebaki, na bado akaripoti kwetu kabla ya mwezi kuisha. Nilimpokea mimi, akajaza fomu, nikaigonga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikalia.

Nilimpandisha Kilungu mwenyewe, kwa sababu nilitaka kumwona huyo mama. Tulimkuta ameketi mlangoni, akipepeta ndengu kwa mazoea ya mikono. Alisikia hatua akainua uso. Binti alipiga magoti mbele yake, na mama akaanza kumpapasa kichwa, masikio, mabega, mpaka kwenye viganja, hapo mikono ikatulia.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mwaitu."

Mama hakutabasamu bado. Aligeuza uso upande wangu, kwa sababu alijua kuna mtu wa ofisi amesimama hapo, na akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea majibu ya ofisi:

"Na mmenipa huyu mpaka lini?"

Nilikuwa na nakala ya barua yake ya kurudi kwenye begi. Niliijua yote kwa kichwa, nimeiandika mwenyewe. Hata hivyo niliitoa nikaitazama tena, juu mpaka chini, kwa sababu mtu kama yule hajibiwi kwa kubahatisha.

"Haijaandikwa siku ya mwisho, mama," nikamwambia.

Akashika ungo wa ndengu, akauweka chini, akamkumbatia mtoto wake kwa mikono yote miwili.