Chumvi ya Amulen Iliyorudi Kutoka Nagongera

Wifi yangu Amulen, mjane wa kaka yangu, alizeekea kwenye kiwanda cha kufungasha chumvi na sukari, Busia ya Kenya. Vidole vyake vimepasuka hata leo. Kule aliona kwa macho yake: asubuhi mashine inajaza mifuko ya jina linalotangazwa redioni, mchana wanabadilisha roli ya plastiki ya kufungia tu, inatoka mifuko ya jina la supamaketi. Chumvi ni ileile, sukari ileile. Bei ndiyo inashuka, kwa sababu supamaketi hailipi redio.

Lakini si kila kitu kiko hivyo. Mwanawe Emong alipokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake Annet, Nagongera, upande wa Uganda, mimi na Amulen tulinunua pamoja vitu vya kupeleka. Sabuni ya supamaketi Amulen aliikataa.

"Soma hapa, wifi. Mafuta yake ni kidogo kuliko ya ile nyingine. Ikilowa inakuwa uji."

Akachukua sabuni ya jina kubwa. Chumvi na sukari akachukua za supamaketi, za kiwanda chake mwenyewe.

Tulisahau jambo moja. Kwa wale wakwe, shangazi wa binti hufungua vikapu mbele ya wageni wote na kutaja kila kilichomo kwa sauti. Shangazi huyo ni Aboth, na sauti anayo.

"Sabuni, ya maana!" Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akainua mfuko wa sukari, akasoma jina, akaugeuzageuza. "Na hii je? Jamani, supamaketi imekuja kuoa?"

Hema zima likacheka.

"Mama Annet," Amulen akamwambia mama wa binti, "geuzeni nyuma, msome kiwanda. Mimi mwenyewe nimeifunga. Ni moja na ile ya redioni."

"Kumbe!" Aboth akadakia. "Mama mkwe ametuletea kibarua chake!"

Sukari na chumvi vikarudishwa kwenye vikapu. Tukaambiwa tuje tena, na vitu vya heshima. Hakuna aliyegeuza mfuko. Wala si kwamba hawakujua kusoma, walimu watatu walikaa mstari wa mbele.

 Tulipofika Tororo, njiani kurudi, Emong akamwambia mamake, bila kumtazama: "Mama, safari ijayo ubaki nyumbani. Shangazi atatosha."

Shangazi ni mimi. Nilikwenda, nikabeba mifuko ya redioni. Vigelegele vikapigwa. Emong akapewa Annet, na tukaletewa chai ya sukari ile mpya. Nilionja. Sikuona tofauti yoyote, na niliinywa kwa hasira.

Amulen bado anatumia ile iliyorudishwa. Nikienda kwake ananikorogea kikombe na kuniuliza, "Ni tamu?"

"Ni tamu, wifi."

Emong hajaja kuionja.