Meno ya pinyo ya mama Gloriose

Kibanda changu cha kuchaji telefoni kiko Kasenga, kimegusana bati kwa bati na karakana ya fundi Damien. Yeye hutengeneza baiskeli, au kinga kama tunavyoziita hapa; mimi hujaza moto kwenye betri za watu. Miaka sita tumekaa hivyo, na kama kuna mtu mwenye kiburi kumshinda Damien hapa Uvira, mimi sijakutana naye. Lakini kazi anaijua. Hilo sitamnyang'anya.

Damien ni mwenyeji wa Katogota. Alijifunza ufundi kwa kufungua baiskeli ya baba yake na kushindwa kuirudisha, akachapwa, akaifungua tena. Siku hizi watu wa bondeni hawaji tena mjini kumwonyesha baiskeli mbovu. Wanapiga picha, wanaituma kwenye telefoni yangu, kwa kuwa yake ni ya vibonyezo tu. Mimi namfungulia, yeye anatazama na kutoa hukumu, nami naiandika na kuirudisha. Nimesikia hukumu nyingi mno hata zimeniingia kichwani bila kuziomba. Shene, yaani mnyororo, ikining'inia sana upande wa chini, imelegea. Ikiwa na rangi ya kahawia katikati ya viungo, ni kutu. Na lile analolirudia kama padri na misa: usitazame shene peke yake, tazama na meno ya pinyo, kile chuma kidogo cha gurudumu la nyuma. Jino zima lina kichwa bapa. Jino lililokwisha limekonda na kulala upande mmoja, na hapo hata ukiweka shene mpya, haitakaa.

Mwaka jana nilianza kuona kwamba anaishika telefoni mbali, mkono umenyooka kabisa, kichwa kimerudi nyuma. Macho yake ya karibu yalikuwa yanamwacha. Hakumwambia mtu, na mimi sikumwuliza. Fundi asiyeona ni nani atamletea kazi?

Jumanne moja ilifika picha ya baiskeli yenye tope kwenye shene. Akasema ni kutu. Nikasema kwa upole, "Papa Damien, ile haiko kutu. Ni udongo tu."

Palikuwa na wateja watano. Akanigeukia.

"Mama Délice, weye iko unachaji telefoni. Kinga uwachie wenye kujua kinga."

Watu wakacheka. Hata mwuza sambaza, wale dagaa wetu, aliyekuwa anapita tu akacheka. Nilijifanya natafuta waya chini ya meza, masikio yakiwaka moto. Nikajiapiza kwamba ulimi wangu hautamsaidia tena.

Kesho yake asubuhi ikaja picha ya mama Gloriose wa Luberizi. Ni mkulima wa mpunga, anabeba magunia kwa baiskeli kutoka shambani hadi barabara ya Bukavu, na mavuno ndiyo kwanza yalikuwa yameanza. Baiskeli ilikuwa inang'aa ajabu. Watu wa kwetu ndivyo walivyo. Humpeleki mtoto kwa mganga bila kumwogesha, na humwonyeshi fundi baiskeli chafu. Alikuwa ameifuta yote kwa mawese, fremu, rimu, hata shene.

Damien akanyoosha mkono, akarudisha kichwa nyuma.

"Shene imekufa," akasema. "Ona vile inaning'inia. Na kutu iko ndani, mawese haifiche kutu. Abadilishe shene, basi."

Hapo alisema kweli. Ila mimi nilikuwa nimekwisha kuikuza picha kwa vidole viwili kabla ya kumpa. Plato ya mbele, pale kwenye pedali, ilikuwa na meno mazima. Pinyo ya nyuma, meno yake yalikuwa membamba, yamelala yote upande mmoja, yamechongoka kama kucha za jogoo. Niliyaona waziwazi.

Nilitaka kusema. Kisha nikakumbuka kile kicheko cha jana. Nikajiambia: muache aanguke kidogo, ajue. Nikaandika neno kwa neno: "Fundi anasema ubadilishe shene, basi." Nikatuma. Sitasema uongo, moyo wangu ulifurahi.

Shene mpya ikapelekwa Luberizi na mtu wa pikipiki mchana uleule. Kaka yake Gloriose, Frédéric, aliifunga vizuri, akavuta gurudumu nyuma mpaka ikakaza inavyotakiwa. Kwenye njia tambarare, bila mzigo, ilikwenda salama. Asubuhi ya tatu Gloriose alipakia gunia, akavuka mfereji na kukanyaga kwa nguvu ili apande tuta la barabara. Shene ikaruka juu ya yale meno. Pedali ikazama tupu, baiskeli ikalala, gunia likamwangukia. Mkono wa kuume ukavunjika juu ya kiganja.

Alitupigia Jumamosi. Nikaweka sauti kubwa, kama kawaida, kwa sababu Damien anapenda wateja wasikie anavyotafutwa. Ndivyo sote tulivyosikia, na wateja pia.

"Fundi, munisamehe," sauti ya Gloriose ikasema. "Minye njo nilikosa. Nilipakala mawese kwa kinga yote, nikaona haya kuwatumia kitu kichafu. Njo maana hamukuona ubaya. Mupunga umeiva, na mukono huu haushike kisu. Mungu ananifundisha."

Damien angeweza kusema "Pole, mama" na mambo yangeishia hapo. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliniomba ile picha. Nikaikuza, nikamsogezea. Akaitazama muda mrefu, mara mbali, mara karibu. Kisha akavua kofia yake.

"Mama Gloriose," akasema, "mawese haina kosa. Meno ya pinyo imeisha, na iko mu picha, wazi kabisa. Minye sikuona. Macho yangu haione tena kitu cha karibu, ni mwaka sasa, na nilikuwa na haya ya kuisema. Kosa ni yangu. Kesho nakuja na pinyo, na nitabaki kukata mupunga wako mpaka uishe."

Aliyasema mbele ya watu wote, mtu ambaye sijawahi kumsikia akikubali hata kwamba mvua imemlowesha. Simu ikakatika. Wateja wakatazama chini. Naye akanigeukia, uso wake umenywea.

"Mama Délice, na weye haukuona ile meno?"

Ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni hiki:

"Sikuangalia sana, papa."

Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Haina neno," akasema. "Weye ulikuwa unachaji telefoni. Haikuwa kazi yako."

Hakunisema, masikini. Alikuwa ananifariji. Ningeomba anitukane.

Alikwenda Luberizi, akafunga pinyo, akakata mpunga siku tisa. Alirudi amenunua miwani sokoni, na viganja vimechubuka. Sasa kila picha ikija ananiita kwanza: "Mama Délice, kuja utusomee meno." Mimi nakuza, nasoma, yeye anawaambia wateja kwamba hajapata kuona mwanamke mwenye jicho kali namna hii. Wananisifu. Picha ya Gloriose ingali kwenye telefoni yangu. Mara mbili nimetaka kuifuta, na mara zote mbili kidole kimekataa.

Juma lililopita Gloriose mwenyewe alikuja mjini kutusalimia, mkono umepona lakini umepinda kidogo. Alimletea Damien mchele kwenye mfuko. Na mwingine, sawasawa na ule, alinipa mimi.